Ukoko wa Kahawia Chooni: Kwa Nini Siki na Jiki Visikutane

Katika nyumba za Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na miji mingine ya pwani ya Lindi zinazotumia maji ya kisima, sinki la choo huweza kujichora mstari wa kahawia kwenye usawa wa maji. Mstari huo husuguliwa kwa sabuni ukabaki. Hutiwa jiki ukafifia, na baada ya siku chache hurejea kama ulivyokuwa. Hapo ndipo mwenye nyumba, kwa kuchoka, humimina juu yake dawa ya pili yenye nguvu zaidi kabla ya ile ya kwanza kuondoka. Makala haya yanaeleza ukoko huo ni kitu gani, kwa nini jiki haiuwezi, namna ya kuuondoa, na kwa nini kitendo kile cha mwisho huweza kumfikisha mtu hospitali.

Jiwe lililoyeyuka na kurudi kuwa jiwe

Sehemu kubwa ya mwambao wa Kilwa imelala juu ya mwamba wa matumbawe na mawe mengine ya chokaa. Ndiyo mawe yaliyojengea Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na ndiyo yaliyochomwa tanurini kupata chokaa ya kuungia kuta zake. Mvua inyeshapo huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na katika udongo, ikawa asidi dhaifu sana. Maji hayo yakipenya katika mwamba huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuibeba hadi kisimani. Macho hayaioni, lakini sabuni huitambua, kwa kuwa povu hukataa kutoka. Maji ya namna hii huitwa maji magumu.

Yakikaa katika sinki, safari hiyo hugeuka. Kwenye ukingo wa maji, hewa ya ukaa hutoroka na maji hukauka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda tena kuwa jiwe. Jiwe hilo lenyewe ni jeupe. Rangi ya kahawia hutokana na chembe za chuma zilizomo majini, ambazo hushika kutu, pamoja na uchafu unaonaswa katika vitundu vidogo vya ukoko. Mkojo nao huongeza. Vijidudu vinavyouvunja hutoa amonia, na amonia huyafanya madini ya mkojo yagande juu ya chokaa iliyokwisha kuwapo. Kwa hiyo mstari ule si doa, bali ni tabaka jembamba la mwamba.

Jiki hufifisha, haiyeyushi

Dawa ambayo wengi huiita jiki ni haipokloraiti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji. Kazi yake ni mbili: kuua vijidudu na kuharibu rangi za vitu vyenye asili ya uhai. Ikimwagwa juu ya ukoko, hupausha uchafu ulionaswa ndani yake, na kwa siku mbili tatu mstari huonekana umekwisha. Chokaa yenyewe haiguswi. Tena kutu haipaushwi na jiki, na huweza hata kukolea. Ukoko uliobaki hukamata uchafu mpya, na rangi hurejea.

Kinachoyeyusha chokaa ni asidi. Asidi ikigusa ukoko, hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoka kwa mapovu madogo, na jiwe huondoka pamoja na maji. Hii pia ni njia ya kupima. Chukua gamba dogo la ukoko na ulidondoshee siki: likichemka, ni chokaa. Lisipochemka, huenda ni kutu tupu, au kioo cha sinki kimekwanguliwa na brashi za chuma, na hapo siki haitasaidia sana.

Namna ya kuuondoa

Siki ya kawaida, yenye asidi kiasi cha asilimia 5, inatosha. Hata hivyo, kipimo chake kina maana. Ili kuyeyusha gramu 10 za chokaa, yaani kiasi cha vijiko viwili vidogo, huhitajika angalau robo lita ya siki, na yote iguse ukoko. Ndiyo sababu siki iliyonyunyizwa juu kisha ikachanganyika na maji ya sinki huonekana haina nguvu.

Anza na sinki ambalo halijatiwa dawa yoyote tangu jana yake. Mwaga ndoo ya maji kwa kishindo ili usawa wa maji ushuke, au chota maji kwa kopo mpaka ukoko wote uwe wazi. Chovya vipande vya kitambaa kikuukuu au karatasi za chooni katika nusu lita ya siki, uvilaze juu ya mstari wote kama bandeji, kisha uvimiminie siki iliyobaki. Acha usiku kucha. Asubuhi, ukiwa na glovu, ondoa vitambaa, sugua kwa brashi ya plastiki, na umwage maji mengi. Ukoko wa miaka mingi hautaondoka kwa usiku mmoja, kwa sababu kila mara siki humaliza nguvu yake kwa tabaka la juu. Rudia usiku wa pili na wa tatu. Maji ya ndimu yaliyokamuliwa na kuchujwa hufanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Wako wanaotia magadi ya kuokea pamoja na siki kwa kuvutiwa na povu lake. Mchanganyiko huo hauna sumu, lakini magadi huimaliza siki kabla haijafika kwenye jiwe. Usitumie kabisa maji ya betri wala asidi kali za mafundi, kwa kuwa huunguza ngozi na macho. Hata siki isiachwe juu ya sakafu ya saruji au kuta zilizopakwa chokaa, maana kwa asidi hakuna tofauti kati ya ukoko na ukuta.

Hewa inayozaliwa dawa zikikutana

Haipokloraiti hukaa kwa utulivu katika chupa kwa sababu majimaji yake hayana asidi. Asidi ikiingia, iwe siki, ndimu, au dawa ya chooni yenye asidi ya hidrokloriki, utulivu huo huvunjika na klorini hutoka ikiwa hewa. Ndiyo hewa iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama chini, mahali hasa alipo mtu aliyeinama kusugua au aliyechuchumaa.

Tuchukue mfano wa choo chenye upana wa mita 1.2, urefu wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.2. Ndani yake mna hewa ipatayo lita 4,000. Mtu ametia jiki mililita 100, chini ya nusu kikombe, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Kisha akamimina juu yake dawa ya chooni yenye asidi. Jiki yote ikigeuka, hutoka klorini ipatayo lita 1.2, ambayo ni karibu sehemu 300 katika kila milioni ya hewa ya choo hicho. Kwa kawaida haitoki yote kwa mara moja. Tuseme basi imetoka sehemu moja tu ya kumi, yaani 30 katika milioni. Kiwango hicho kinatosha kuleta kikohozi, maumivu ya kifua na kutapika. Kuanzia 40 hadi 60, mapafu yenyewe huanza kuumia. Hesabu hii ni ya nusu kikombe tu, na wengi humimina zaidi.

Kuvuta maji mara moja kati ya dawa moja na nyingine si kinga ya kutosha. Shingo ya choo hubaki na maji yenye dawa, na vitundu vya ukoko hunyonya jiki na kuihifadhi. Mwaga maji mara kadhaa na uache siku nzima ipite. Utaratibu ulio salama ni kuondoa ukoko kwanza kwa siki, kisha siku nyingine, ukitaka kuua vijidudu, kutumia jiki peke yake.

Mkojo nao ni dawa ya pili isiyo na chupa. Choo kinachonuka mkojo mkali kina amonia, na jiki ikikutana na amonia huzaa kloramini, hewa nyingine inayochoma macho na mapafu. Osha kwanza kwa maji mengi. Vilevile, sabuni za chooni zinazouzwa katika chupa za maji ya kunywa zisizo na maandishi hazimwelezi mnunuzi kilichomo. Ichukulie kila moja kuwa haifai kukutana na nyingine yoyote.

Ikiwa hewa hiyo imevutwa

Dalili ya kwanza ni harufu kali ya kuchoma pua, machozi na kikohozi. Toka papo hapo. Usibaki kumwaga maji ili kuitoa, kwa kuwa pumzi utakazovuta ukiwa umeinama ndizo mbaya zaidi. Acha wazi dirisha au mlango unaoelekea nje ikiwa vipo njiani mwako, uwaondoe watoto, ukae penye upepo. Nguo zilizorukiwa na dawa zivuliwe, na macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ukimkuta mtu ameanguka ndani, usiingie kwa pupa: fungua mlango, ita watu, na umtoe kwa haraka hewa inapokuwa imepungua. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, hayasaidii, kwa kuwa sumu imo mapafuni wala haimo tumboni.

Jambo linalowadanganya wengi ni nafuu ya mwanzo. Kikohozi huweza kutulia, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakaanza kujaa maji. Mtu aliyekohoa kwa muda mrefu, anayesikia kifua kubana, anayehema kwa shida au mwenye pumu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa mkazi wa Kilwa Kisiwani au Songo Songo, ambaye lazima apande chombo ili kufika bara, uamuzi huo ufanywe kabla jua halijatua, hata kama anajiona ameshapata nafuu. Achukue pia chupa zote mbili za dawa zikiwa zimefungwa vizuri, kila moja katika mfuko wake, ili mganga ajue ni nini kilichokutana na nini.