Fomu Moja ya Muhtasari kwa Vikao Vyote vya Mwaka

Vikundi vingi vya kijamii humpa ukatibu mtu mwenye mwandiko mzuri, kisha vinamwachia daftari na kalamu. Mtu huyo ni mwalimu, muuguzi au muuza duka. Kazi hiyo halipwi, na kikao kinaangukia Jumamosi jioni baada ya wiki nzima ya shughuli zake. Anajitahidi kuandika kila kitu: nani alisimama, alisema nini, alijibiwa na nani. Anaondoka na kurasa nane. Siku benki inapodai muhtasari ulioidhinisha kubadilisha watia saini wa akaunti, anazipekua zote nane na haoni sentensi hata moja inayotaja anayetoka na anayeingia.

Tatizo hilo halimalizwi kwa kuandika zaidi. Linapungua sana kikundi kikiwa na fomu yake ya muhtasari, ambayo nusu yake imeshajazwa kabla kikao hakijaanza, na iliyopangwa kufuata maamuzi badala ya mazungumzo.

Usianze kwa kuazima fomu ya kampuni au ya halmashauri. Chukua mihtasari mitatu ya mwisho ya kikundi chenu, uisome pamoja, na upigie mstari kila kinachojirudia: jina la kikundi, majina ya wanakamati, ajenda za kudumu, mahali pa sahihi. Hivyo vyote vinachapwa moja kwa moja kwenye fomu. Kinachobadilika, kama tarehe, saa na tarakimu, kinaachiwa nafasi tupu.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachoendesha maktaba ndogo ya mtaa, chenye kamati ya watu 12. Juu kabisa ya fomu kuna namba ya kikao, tarehe, mahali na saa ya kuanza. Chini yake majina yote 12 yameshachapwa kwa ukamilifu, kama yalivyo kwenye vitambulisho, na mbele ya kila jina kuna nafasi ya alama: yupo, ana udhuru, hana taarifa. Katibu anaweka alama kwa dakika moja badala ya kuzungusha karatasi ambayo kila mtu anaandika jina lake anavyopenda, leo Mama Asha, kesho A. Juma.

Baada ya majina unakuja mstari wa akidi, na mstari huu mara nyingi haukumbukwi mpaka ugomvi utokee. Katiba ya kikundi chetu cha mfano inataka zaidi ya nusu ya wanakamati, yaani watu 7. Basi fomu iseme: "Akidi kwa mujibu wa katiba: 7. Waliohudhuria: ___." Waliokuja wakiwa 8, kikao ni halali. Lakini wawili wakiondoka saa kumi na moja kuwahi msiba, wanabaki 6, na maamuzi yatakayofuata yanaweza kupingwa. Kwa hiyo karibu na majina pawe na nafasi ya kuandika saa ya kuondoka. Hapo mwenyekiti anajua asimame wapi, na anayesoma baadaye anajua azimio lipi lilipitishwa akidi ikiwa imetimia.

Ajenda za kudumu hazizidi tano: kufungua kikao na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya fedha, mambo mapya, na mengineyo. Kiini cha fomu yote, kwa maoni yangu, ni namna maazimio yanavyoandikwa.

Sentensi tunayoikuta kila mahali ni hii: "Wajumbe walijadili suala la rafu za vitabu na kuchangia mawazo mengi, iliazimiwa suala hilo lifanyiwe kazi." Lifanyiwe kazi na nani? Lini? Kwa fedha zipi? Fomu nzuri haimpi katibu nafasi ya kuandika hivyo, kwa sababu kila azimio lina visanduku vinne: namba, uamuzi, mhusika, mwisho wa utekelezaji. Suala lile lile la rafu linaandikwa hivi:

K5/2025-3. Kamati imeamua kutengeneza rafu mbili kwa fundi wa mtaani, gharama isizidi shilingi 180,000. Mhusika: mweka hazina. Mwisho: 14 Juni. Mjumbe mmoja ametaja kuwa fundi ni ndugu yake, hakushiriki kuamua.

Namba inamaanisha kikao cha tano cha mwaka 2025, azimio la tatu. Herufi K inasaidia, maana namba tatu zilizotenganishwa kwa mikwaju husomwa kama tarehe. Sentensi ya mwisho kuhusu ndugu wa fundi inastahili mstari wake kwenye fomu: "Mjumbe mwenye maslahi katika suala hili." Vikundi huvunjika kwa minong'ono ya namna hii, na mstari mmoja ulioandikwa siku ile ile unatosha kuizima.

Maazimio yakiwa ndani ya visanduku, yatokanayo yanajiandaa yenyewe. Kabla ya kikao cha sita, katibu ananakili maazimio ya kikao cha tano na kuongeza kisanduku kimoja: limetekelezwa, linaendelea, limefutwa. Azimio likibaki "linaendelea" vikao vitatu mfululizo, kamati impe mhusika mwingine au ilifute kwa azimio jipya.

Kwenye fedha, weka mistari minne tu: salio la mwanzo, mapato, matumizi, salio la mwisho. Tuseme maktaba ilikuwa na shilingi 412,000, ikapokea 150,000 na kutumia 96,000. Salio la mwisho ni 466,000, na hesabu hiyo katibu anaihakiki hapo hapo. Kikao kinachofuata, salio la mwanzo lazima liwe 466,000. Lisipolingana, mweka hazina aeleze kabla ajenda haijasonga mbele.

Fomu ukiitengeneza kwa Word, ihifadhi kwa "Save As" na uchague "Word Template (*.dotx)". Ukiifungua kwa kuibofya mara mbili, inakuletea waraka mpya na ile ya asili inabaki ilivyo. Kwenye Google Docs tumia "Make a copy". Ambaye hana kompyuta achape nakala kumi na mbili za mwaka mzima na kuziweka kwenye faili; fomu ya karatasi inafanya kazi ile ile.

Mpaka kikao kinachofuata kiuthibitishe, muhtasari ni rasimu, na neno RASIMU likae juu ya ukurasa. Marekebisho yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao kinachothibitisha, ndipo mwenyekiti na katibu watie sahihi na tarehe. Ukishasainiwa usifutwe wala kupakwa rangi nyeupe. Kosa linalogunduliwa baadaye linarekebishwa kwa azimio jipya lenye namba yake.

Itumieni fomu kwa vikao vitatu, kisha futeni kila kisanduku ambacho hakuna aliyekijaza. Kisha mpeni mjumbe mwingine aandike kikao kimoja bila msaada. Akikwama, maelekezo ya fomu bado yako kichwani mwa katibu, na yanapaswa kuandikwa kwa herufi ndogo chini ya kila kisanduku.

Na kwako katibu: acha dakika tano kabla ya kufunga kikao, usome maazimio kwa sauti, jina la mhusika na tarehe yake. Mhusika akisema "ndiyo" mbele ya wenzake, andika; akisita, suala hilo bado halijaamuliwa.