Maji moto ya jua yanalipa lini?

Katika nyumba za kupanga Nairobi, mwenye nyumba hununua mtambo wa jua, lakini anayeokoa tokeni za umeme ni mpangaji. Pesa za mwenye nyumba hurudi kupitia kodi tu.

Tuseme mtambo wa lita 200 umegharimu shilingi 150,000, na kodi ya 45,000 ikapanda kwa 2,500. Hiyo ni 30,000 kwa mwaka, yaani miaka mitano. Mpangaji mzuri akikaa, nyumba isilale tupu mwezi mmoja kila mwaka, muda hushuka hadi karibu miaka miwili. Faida kubwa iko hapo.

Maji ya kisima yenye chokaa huharibu hesabu. Kwanza atazame birika jikoni: likiwa na magamba meupe, achague mtambo ambao maji ya bomba hayapiti kwenye paneli.