Wa tatu au watatu?

Picha ilipigwa usiku, simu ikiwa imeinamishwa chini ya balbu, na kivuli cha mkono kikaangukia robo ya karatasi. Ni karatasi ya mazoezi ya hesabu iliyoandikwa kwa kalamu, ikakunjwa mara nne mfukoni, kisha ikapigwa picha na kutumwa kwa mwanafunzi ambaye hakufika darasani. Mistari ya juu inasomeka vizuri. Mgonjwa wa kundi O anahitaji damu. Kila anayekuja kuchangia ana uwezekano wa 0.4 wa kuwa kundi O. Watu wanapimwa mmoja baada ya mwingine.

Tatizo liko kwenye mstari wa mwisho. Mkunjo umepita katikati yake na wino umefifia, hata haijulikani kama mwalimu aliandika kwamba mtu wa tatu wa kundi O atapatikana katika kipimo cha sita, au kwamba watu watatu wa kundi O watapatikana katika vipimo sita. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni nafasi moja kati ya “wa” na “tatu”, pamoja na viambishi viwili vitatu. Kwa hesabu, ni tofauti ya jibu moja kuwa mara mbili ya jingine.

Mwanafunzi yule alisoma “watatu katika vipimo sita”. Alifanya kama alivyofundishwa: kuna njia 20 za kuchagua nafasi tatu kati ya sita, na kila njia ina uwezekano wa 0.4 × 0.4 × 0.4 × 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.013824. Alizidisha kwa 20 akapata 0.27648. Hesabu yake haina kosa hata moja. Ila swali alilolijibu silo alilouliza mwalimu.

Mwalimu aliuliza habari ya mtu wa tatu. Hapo mambo yanabadilika, kwa sababu mtu wa sita kupimwa tayari anajulikana: lazima awe kundi O, na lazima awe ndiye anayetimiza idadi ya watatu. Kiti chake kimeshawekwa. Kinachobaki kupangwa ni watano waliomtangulia, ambao kati yao wawili ni wa kundi O na watatu si wa kundi hilo.

Ukitaka kuziona njia hizo kwa macho, chora visanduku sita na uandike O ndani ya kile cha mwisho. Sasa weka O mbili katika vile vitano vya mwanzo. Zinaweza kukaa cha kwanza na cha pili, cha kwanza na cha tatu, cha kwanza na cha nne, cha kwanza na cha tano: hizo ni njia nne. Kuanzia cha pili kuna njia tatu, kuanzia cha tatu mbili, kuanzia cha nne moja. Jumla ni kumi. Kumi mara 0.013824 ni 0.13824, karibu asilimia 14, na hilo ndilo jibu.

Basi zile njia nyingine kumi za mwanafunzi zilitoka wapi? Zote zinaishia kwa mtu asiye wa kundi O. Katika mipangilio hiyo, wa tatu alikwisha kupatikana kabla, labda kwenye kipimo cha nne au cha tano, na mhudumu angekuwa ameshaacha kupima. Humo ndimo ulimo mzizi wa tofauti. Katika swali moja idadi ya vipimo imewekwa mapema na tunahesabu waliopatikana. Katika swali la pili idadi ya wanaotafutwa ndiyo iliyowekwa, na vipimo ndivyo vinavyohesabiwa. Wanahisabati huuita mgawanyo wa aina hii ya pili binomia hasi, jina linalotisha bure.

Kosa hili lina alama yake, na linaweza kugunduliwa bila kurudia hesabu yote. Ukiligawa jibu la mwanafunzi kwa jibu sahihi, utapata idadi ya vipimo ikigawanywa kwa idadi ya wanaotafutwa. Hapa ni 6 kwa 3, yaani mara mbili kamili. Kama swali lingehusu kipimo cha tisa, kosa lingekuwa mara tatu kamili.

Tofauti hii imewahi kuwashughulisha watu wakubwa kuliko mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1945 J. B. S. Haldane, mwanajenetiki wa Uingereza, aliandika katika jarida la Biometrika kuhusu njia ya kukadiria kiwango cha kitu kilicho adimu: usiweke idadi ya vipimo, bali endelea kupima mpaka ukutane na idadi fulani ya unachokitafuta. Ukimpata wa tatu kwenye kipimo cha sita, silika inakuambia kiwango ni tatu kwa sita, yaani nusu. Haldane alionyesha kwamba kipimo cha mwisho kiondolewe pande zote mbili, kwa kuwa kilichaguliwa na kanuni ya kusimama, hakikuja kwa bahati. Zinabaki mbili kwa tano, sawa na 0.4. Ni kiti kile kile kilichowekwa mapema.

Rudi kwa mgonjwa wetu. Mhudumu hahitaji sana kujua uwezekano wa kipimo cha sita peke yake. Anataka kujua aite watu wangapi. Kwa wastani, kuwapata watatu huchukua vipimo 3 ÷ 0.4, yaani 7.5. Lakini wastani huu unaweza kumponza. Vipimo vinavyoongoza kwa uwezekano wa kuleta wa tatu ni cha tano na cha sita, ambavyo vinalingana kabisa kwa 0.13824 kila kimoja, ilhali mara nyingine kazi hukokota mpaka kumi na kitu. Akiita watu sita tu, uwezekano wa kuwapata watatu au zaidi ni 0.456, chini ya nusu. Inambidi aite 12 ndipo uwezekano upite asilimia 90, na hata hapo katika kila mara mia ambazo hali kama hiyo inatokea, kama mara nane hivi watu 12 hawatatosha.

Lipo pia jambo ambalo karatasi haikulitaja, nalo ndilo linalovunja hesabu hii wodini. Fomula inadai kwamba matokeo ya mtu mmoja yasiwe na uhusiano na ya mwingine. Hospitalini, wanaoitwa kuchangia mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa, na kundi la damu hurithiwa. Baba na mama wote wakiwa kundi O, kwa kawaida watoto wao wote ni O, na ndugu watatu wa kwanza wanatosha. Mzazi mmoja akiwa AB, kwa kawaida hakuna mtoto wake hata mmoja atakayekuwa O, na kuwapima ndugu sita wa tumbo moja ni kurudia jibu lile lile mara sita. Katika familia ya namna hiyo ile 0.4 haipo tena: ni moja kamili au sifuri.

Kwa hiyo anayetafuta wachangiaji watatu asiishie kwenye nyumba moja. Aite majirani, wafanyakazi wenzake na watu wa msikitini au kanisani, na wawe 12, wasiwe sita.