Katuni Ni ya Nani Kabla Pesa Haijaingia?

Msanii wa animesheni anayejitegemea jijini Nairobi akiagizwa tangazo, na mkataba ukanyamaza kuhusu umiliki, ukimya huo unamgharimu yeye. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huanza kwa kumpa mtunzi haki ya kazi yake, kisha huweka sharti: kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wake, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pale wawili hao wamekubaliana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo. Ni rahisi kulikosa jambo hili ukinakili mkataba wa Uingereza kutoka mtandaoni. Kule kazi ya msanii asiyeajiriwa hubaki mali yake mpaka atie saini ya kuihamisha, kwa hiyo hati isiyotaja umiliki humlinda msanii. Hati hiyo hiyo ikitumika Nairobi humwacha mikono mitupu.

Tuchukue mfano. Chama cha akiba na mikopo kinataka animesheni ya sekunde 60 ya kueleza mkopo wa karo. Bei ni shilingi 240,000. Msanii anabuni mhusika, mama muuza mboga mwenye leso ya rangi ya machungwa, na wateja wanampenda. Mwaka unaofuata chama kinampa mchoraji mwingine wa bei nafuu kazi ya kumchora mama yule kwenye kalenda, fulana na matangazo mengine matatu. Aliyembuni hapati hata shilingi, na bila maandishi hana pa kuanzia kulalamika, maana mhusika alikwenda pamoja na tangazo.

Kifungu cha kumlinda si kirefu. Kinaweza kusomeka hivi: “Hakimiliki ya kazi hii na ya wahusika wake itabaki kwa Msanii. Baada ya malipo yote kukamilika, Mteja atakuwa na ruhusa ya kutumia animesheni kamili ya sekunde 60 kwenye televisheni, mitandao ya kijamii na matawi yake nchini Kenya kwa miaka 2. Matumizi mengine yoyote ya wahusika yatalipiwa kwa makubaliano mapya ya maandishi.” Mteja akitaka umiliki wote, ana haki ya kuuomba, na mimi sioni ubaya wa kuuza. Lakini hilo ni bei nyingine, na sentensi ibadilike: “Hakimiliki itahamia kwa Mteja siku malipo ya mwisho yatakapoingia katika akaunti ya Msanii.” Maneno yanayobeba mzigo hapo ni “siku malipo ya mwisho yatakapoingia.” Yakikosekana, mteja anaweza kumiliki kitu ambacho hajamaliza kukilipia, na msanii anabaki na deni tu la kudai.

Hata umiliki wote ukiuzwa, kuna vitu vya kuviacha nje kwa maandishi. Michoro iliyokataliwa ibaki kwa msanii, la sivyo mteja aweza kuirudia baadaye bila kulipa. Vivyo hivyo vifaa ambavyo msanii alikuwa navyo kabla ya kazi hii, kama vile brashi alizotengeneza na mifupa ya kidijitali ya kuwatembeza wahusika. Akiviuza bila kujua, kazi yake inayofuata itakuwa inatumia mali ya mtu mwingine.

Suala la faili linaishi ndani ya umiliki huo huo, ingawa watu hulitenga. Mteja akisema “nitumie faili zote,” huenda anamaanisha video tu, na huenda anamaanisha faili za kazi zenyewe, yaani mradi wa After Effects au Blender pamoja na tabaka zake zote. Tofauti yake ni kubwa. Mwenye video anaweza kuionyesha. Mwenye faili za kazi anaweza kumfungua yule mama, kumbadilisha nguo na kumtembeza katika tangazo jipya kesho yake. Kwa hiyo mkataba utaje kila faili kwa jina lake. Kwa tangazo letu, ingetosha kuandika: video moja ya MP4 ya 1920x1080 kwa picha 25 kwa sekunde, nakala moja ya wima ya 1080x1920 kwa simu, nakala kuu moja ya ProRes 422 HQ kwa kituo cha televisheni, na sauti ikiwa imetenganishwa: maneno peke yake, muziki peke yake, milio peke yake. Kisha: “Faili za kazi hazimo katika bei hii.”

Sauti iliyotenganishwa ina faida yake. Chama kikitaka tangazo lile lile kwa Kikamba, kitabadilisha maneno bila kuugusa muziki. Lakini muziki wenyewe, pamoja na fonti, mara nyingi msanii ameukodi tu. Hawezi kumhamishia mteja asichokimiliki, na mkataba useme leseni hizo zinaruhusu nini na hadi lini.

Kuhusu jina, sheria ya Kenya ni ya huruma zaidi. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na ya kupinga kazi yake kupotoshwa, na haki hizo haziwezi kuhamishiwa mtu mwingine akiwa hai, hata kama ameuza hakimiliki. Tatizo ni la vitendo: tangazo la sekunde 60 kwenye televisheni halina nafasi ya majina. Basi kubalianeni mahali panapowezekana, kwa mfano katika maelezo ya video YouTube na katika kila chapisho la kwanza la mitandaoni, kwa maneno yaliyoandikwa kamili ndani ya mkataba. Ongezeni kwamba jina likisahaulika litawekwa ndani ya siku 7 tangu mteja aarifiwe, na kwamba msanii anaweza kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine baada ya tangazo kutoka hadharani. Bila ruhusa hiyo, msanii aliyeuza hakimiliki anaweza kuzuiwa kuonyesha kazi ya mikono yake.

Sasa pesa. Shilingi 240,000 zigawanywe: 96,000 kabla ya kuanza, 72,000 picha za mpangilio wa matukio zikikubaliwa, na 72,000 kabla ya faili za mwisho kutoka. Mpaka awamu ya tatu ilipwe, mteja aone nakala ya majaribio ya ubora wa chini, yenye jina la msanii limepitishwa katikati ya picha.

Hatari imejificha katika neno “zikikubaliwa.” Mteja asiyejibu barua pepe hajakataa wala hajakubali, na saa ya malipo haianzi. Andika: “Mteja asipotoa maoni ndani ya siku 5 za kazi, hatua hiyo itahesabiwa imekubaliwa.” Kuwa macho pia na wakala wa matangazo anayeandika kwamba atalipa akishalipwa na mteja wake. Hapo msanii anabeba hatari ya biashara asiyoijua, kati ya watu wawili ambao mmoja wao hana mkataba naye. Mimi ningeifuta sentensi hiyo, au niweke siku ya mwisho isiyotegemea mtu wa tatu.

Riba ya kuchelewa iwe ya kiasi, kwa sababu mahakama hukataa tozo inayokusudia kuadhibu badala ya kufidia. Asilimia 2 kwa mwezi baada ya siku 14 inaeleweka: kwa 72,000 ni shilingi 1,440 kila mwezi. Kiasi hicho hakimtishi mteja mkubwa. Kinachomtikisa ni sentensi inayofuata: “Ruhusa ya kutumia kazi itasimama kwa muda wote ambao deni halijalipwa.” Tangazo likiwa hewani, kila siku ya deni inakuwa siku ya kutumia kazi bila ruhusa.

Likishindikana kabisa, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Wakili si lazima. Deni la 72,000 pamoja na riba linaingia humo bila shida, msanii akifika na mkataba uliotiwa saini, barua pepe ya mteja ya kukubali picha za mpangilio, ankara yenye tarehe, na ushahidi wa siku nakala ya majaribio ilipopelekwa.