Bomba la Hewa la Kitanzi kwa Sinki la Katikati ya Jiko

Sinki lililowekwa kwenye kaunta ya katikati ya jiko, ile inayoitwa kisiwa, lina tatizo ambalo sinki la ukutani halina: bomba lake la hewa halina pa kupandia. Katika nyumba za Marekani bomba hilo kwa kawaida hufichwa ukutani nyuma ya sinki na kupanda hadi juu ya paa. Kisiwa hakina ukuta, na hakuna anayetaka bomba lisimame wazi katikati ya jiko. Mafundi wa huko hulipandisha bomba ndani ya kabati, wakalikunja chini ya kaunta, kisha wakalirudisha chini ya sakafu.

Hewa inahitajika kwa sababu ya trapu, ile kona ya bomba chini ya sinki ambayo daima hubaki na maji. Maji hayo, yenye kina cha sentimita 5 hadi 10, ndiyo yanayozuia harufu ya maji taka isiingie jikoni. Sinki lililojaa likifunguliwa kwa mkupuo, maji yanayoshuka huvuta kila kilicho nyuma yao. Bila njia ya hewa, huyavuta hata maji ya trapu. Dalili yake ni mgugumio mwishoni mwa maji kuisha, na baadaye harufu.

Kwa nini basi bomba la hewa lisilazwe tu chini ya sakafu hadi ukuta wa karibu? Kwa sababu bomba la maji machafu likiziba chini ya kabati, maji yangepita humo kimyakimya kana kwamba hakuna kasoro. Mafuta na mabaki ya chakula yangeganda ndani yake, na siku bomba la maji likizibuliwa, la hewa lingekuwa limeziba bila mtu kujua. Kitanzi kikipanda juu kadiri kabati linavyoruhusu, maji hayawezi kukivuka kabla ya kujaa sinkini, mahali ambapo mwenye nyumba atayaona.

Kanuni za ufundi bomba zinazofahamika kwa kifupi kama UPC, zinazotumika zaidi majimbo ya magharibi ya Marekani, zinataka kitanzi kifike angalau kimo cha sehemu ya kaunta inayochuruzia vyombo. Pale juu huwekwa kiungo kimoja kilichopinda, au kona tatu kwa mfuatano wa nyuzi 45, 90 na 45. Mguu unaorudi chini huungwa kwa kiungo cha umbo la Y kwenye bomba la maji lililolala, mbele kidogo ya pale maji ya sinki yanapoingia. Mara tu chini ya sakafu, kiungo kingine cha Y hutoa tawi kwenye mguu huo, na tawi hilo ndilo linaloelekea ukutani.

Tawi hili ndilo linalokosewa zaidi, maana fundi huliona ni la hewa tu na kulilaza bila mteremko. Kizuizi kikitokea mbali zaidi kwenye bomba kuu, maji hupanda kwenye mguu wa kurudi na kuingia humo. Ndiyo maana sehemu yote iliyo chini ya sakafu hujengwa kama bomba la maji machafu, kwa viungo vya maji machafu na mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la maji. Kizuizi kikiondolewa, maji hurudi yenyewe.

Chukua kisiwa kilicho mita 2.4 kutoka ukutani, chenye sinki ambalo ukingo wake uko sentimita 90 juu ya sakafu. Bomba la maji ni la inchi 2, la hewa inchi 1½. Tawi litapanda takriban sentimita 5 kutoka kisiwani hadi ukutani. Ndani ya ukuta litapanda wima, na haliruhusiwi kuungana na bomba jingine la hewa kabla ya kufika sentimita 15 juu ya ukingo wa sinki, yaani sentimita 105 kutoka sakafuni. Katika sehemu yake ya wima huwekwa mfuniko wa kuzibulia, mahali ambapo mkono na waya wa kuzibulia vitafika bila kubomoa chochote.

Kwenye sakafu ya zege, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mabomba yote mawili lazima yalazwe kabla ya zege kumwagwa. Kisiwa kikibuniwa baadaye, sakafu itakatwa. Baadhi ya maeneo huruhusu badala yake kilango cha hewa cha kufungwa kabatini, kinachofunguka maji yanapovuta na kujifunga yanapotulia. Ni rahisi zaidi, lakini huingiza hewa tu; hakiwezi kutoa ile inayosukumwa kutoka bomba kuu, na mpira wake huchakaa. Kitanzi hakina kitu kinachocheza ndani yake, na hewa hupita pande zote mbili.