Kadi ya harusi kwa Kifaransa: sikio halitoshi

Mwaliko wa harusi ukitoka Lubumbashi, Bukavu au Goma, mara nyingi huwa umechapwa kwa Kifaransa, hata kama maharusi na wazazi wao watakuwa wakiongea Kiswahili ukumbini. Rafiki aliye Kigoma au Mombasa hutaka kujibu kwa lugha ileile ya mwaliko. Anakumbuka Kifaransa kidogo cha shuleni, anaongezea maneno aliyowahi kuyasikia, na kadi inatoka hivi. Maharusi wetu wa mfano tuwaite Furaha na Amani:

> Chers Furaha,
> Félicitation pour ton marriage! Je vous souhaites mes meilleures voeux et bonne chance. Que Dieu béni votre maison.
> Cordialement

Mtu akiisoma kwa sauti, sehemu kubwa ya kadi hii itasikika sawa kabisa. Tatizo liko hapo. Sisi tumezoea kuandika kile tunachokisikia, lakini Kifaransa kimejaa herufi zinazoandikwa bila kutamkwa, na salamu za harusi zimebeba nyingi kati ya hizo.

Tuanze na “félicitation”. Pongezi za Kifaransa huandikwa kwa wingi, “félicitations”, japo ile s ya mwisho haitamkwi. Ukitaka kuongeza uzito, sema “toutes mes félicitations”, au “toutes nos félicitations” kama mnaandika wawili na zaidi. Neno hili ni la jinsia ya kike, ndiyo maana tunapata “toutes” wala si “tous”. Nalo “mariage” lina r moja tu. Ile r ya pili hupenyezwa na mkono uliozoea kuandika Kiingereza, na ndilo kosa ninalolitarajia zaidi kwa mwandishi wa Nairobi au Dar es Salaam.

Kisha kuna swali la nani anasemeshwa. Kadi yetu imeanza kwa kumwambia mtu mmoja, “ton mariage”, halafu ikahamia kwa wengi, “je vous souhaites”. Furaha ni rafiki yako, na kila siku unamwita “tu”. Lakini kadi itafunguliwa na watu wawili, kwa hiyo andika “vous” na “votre” mwanzo hadi mwisho. Hapo “vous” ni wingi wa kawaida tu, haina urasmi wowote wa kumweka rafiki mbali. Mwanzo nao ufuate idadi na jinsia: “Chère Furaha” kwa mwanamke, “cher Amani” kwa mwanamume, “Chers amis” kwa wote wawili. Tazama kwamba “chère” ya kike ina alama juu ya e ya kwanza, na alama hiyo inainamia kushoto. Ile ya “félicitations” inainamia kulia.

Sasa “je vous souhaites”. Mwandishi ameona “vous” imekaa jirani na kitenzi, akadhani lazima kitenzi kiifuate. La hasha. Mtenda ni “je”, kwa hiyo ni “je vous souhaite”, bila s. Mkiwa wengi ni “nous vous souhaitons”. Ukiwa na shaka, iondoe “vous” kwa muda na usome kilichobaki: “je souhaite”, “nous souhaitons”. Kitenzi hakibadiliki unapoirudisha.

Kosa linalofuata hata Wafaransa wenyewe hulifanya. “Vœux” tayari ni matakwa mema, na “souhaiter” ni kumtakia mtu jambo. Anayeandika “je vous souhaite mes meilleurs vœux” anamtakia mwenzake matakwa. Njia sahihi ni mbili, na uchague moja: ama “je vous présente mes meilleurs vœux de bonheur”, ama “je vous souhaite beaucoup de bonheur”. Mimi napenda ya pili, kwa sababu ni nyepesi na inasikika kama mtu anayezungumza. Ukitumia ya kwanza usiiache “de bonheur”, maana “meilleurs vœux” peke yake hukumbusha kadi za Mwaka Mpya. Tena “vœu” ni la jinsia ya kiume, hivyo ni “meilleurs”, si “meilleures”. Hapa pia sikio halikusaidii, kwani maneno hayo mawili yanatamkwa namna moja.

“Bonne chance” iondoe kabisa. Haina kosa la tahajia, ila huambiwa mtu anayekwenda kufanya mtihani au usaili wa kazi. Kwa maharusi inasikika kana kwamba una mashaka na ndoa yao. “Bon mariage” nayo, iliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka “ndoa njema”, si salamu ya kawaida ya Wafaransa.

Dua inahitaji uangalifu wake. Sisi husema “Mungu awabariki”, hatusemi “Mungu anawabariki”, kwa sababu tunaomba, hatutoi habari. Kifaransa nacho hubadilisha kitenzi mahali hapohapo: “Que Dieu vous bénisse”. Umbo “béni” lina maana ya kilichokwisha kubarikiwa. Vivyo hivyo “Que votre vie à deux soit longue”, na ikiwa mambo ni mengi, “Que vos jours soient heureux”. Badala ya “maison” weka “foyer”, kwa sababu unayeiombea baraka ni familia inayoanza, si kuta na bati.

“Cordialement” ni ya barua za ofisini. Rafiki wa karibu humaliza kwa “Je vous embrasse”, na Wafaransa huandika hivyo bila kumaanisha busu la kweli. Ukiona limezidi, kwa mfano humfahamu sana bwana harusi, andika “Avec toute mon amitié”.

Kadi iliyonyooka basi ni hii:

> Chère Furaha, cher Amani,
> Toutes mes félicitations pour votre mariage ! Je vous souhaite beaucoup de bonheur. Que Dieu bénisse votre foyer et vous accorde une longue vie à deux.
> Je vous embrasse.

Ile nafasi kabla ya alama ya mshangao si kosa la kuchapa. Wachapaji wa Ufaransa huiacha, ingawa Quebec hawaiachi. Ukiandika neno zima kwa herufi kubwa, alama ibaki palepale: FÉLICITATIONS. Na “œ” ya “vœux” ni o na e zilizounganishwa. Kwenye simu bonyeza o bila kuachia, nayo itatokea. Kwenye kompyuta ya Windows shikilia Alt na uandike 0156 kwa tarakimu za upande wa kulia. Herufi ndogo é ni 0233 na herufi kubwa É ni 0201. Herufi “œ” iliachwa nje ya ISO 8859-1, mpangilio wa herufi za kompyuta wa 1987, ikaingizwa katika ISO 8859-15 mwaka 1999. Ndiyo maana “voeux” imezagaa hadi leo. Msomaji ataielewa na atakusamehe, lakini ukiandika kwa kalamu huna kisingizio.

Kwenye bahasha, hasa ikiwa na mchango ndani, andika “M. et Mme”. “M.” ina nukta, “Mme” haina, na “Mr” tuwaachie Waingereza. Majina yenyewe yanakili kutoka kwenye mwaliko, herufi kwa herufi, hata kama wewe ungeyaandika tofauti.