Kuhamisha Michango ya Kikundi Kutoka Kwenye Daftari Kwenda Kwenye Jedwali

Chanjo ya ndigana kali ikishayeyushwa na kuchanganywa hairudishwi kwenye mtungi wa baridi. Hutumika siku hiyo hiyo. Ndiyo maana tunawaomba wafugaji wakusanye ndama wengi kwa pamoja, na vikundi huanza kuchanga mapema. Lakini kuna siku nilifika bomani ndama wamekwisha kukusanywa, wanachama wakabishana mpaka jua likawa kali: nani amechangia ndama wangapi? Fedha zilikuwemo sandukuni. Daftari ndilo halikusomeka.

Liliandikwa jinsi madaftari mengi yanavyoandikwa. Huu ni mfano mdogo wa wanachama watatu:

*Mnada wa 3/6: Mama Mwalimu 10,000, bibi wa kisimani 5,000, mzee wa josho amelipa.*
*Mnada wa 10/6: mke wa mwalimu 5,000 na za bibi 5,000, mzee wa josho 10,000. Jumla 35,000.*

Kabla ya kuhamisha chochote, mpe kila mwanachama namba yake isiyobadilika. Hapo juu Mama Mwalimu na mke wa mwalimu ni mtu mmoja, ila asiyemfahamu angehesabu wawili. Tumwite namba 1, bibi namba 2, mzee namba 3. Andika namba na majina kamili kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku.

Kisha piga mistari ya jedwali. Kila fedha iliyoingia ipate mstari wake peke yake, hata kama watu wawili wamelipa kwa mkono mmoja. Zile "za bibi" zinaandikwa kwa namba 2, si kwa aliyezibeba.

| Tarehe | Namba | Ameleta | Jumla yake | Jumla ya kikundi |
|---|---|---|---|---|
| 3/6 | 1 | 10,000 | 10,000 | 10,000 |
| 3/6 | 2 | 5,000 | 5,000 | 15,000 |
| 3/6 | 3 | 5,000 | 5,000 | 20,000 |
| 10/6 | 1 | 5,000 | 15,000 | 25,000 |
| 10/6 | 2 | 5,000 | 10,000 | 30,000 |
| 10/6 | 3 | 10,000 | 15,000 | 40,000 |

Jumla ya kikundi ni rahisi: chukua ya mstari wa juu yake, ongeza kilicholetwa. Jumla ya mwanachama ndiyo huwaponza wengi, kwa sababu mstari wa juu yake ni wa mtu mwingine. Rudi nyuma mpaka uione namba yake ilipoandikwa mara ya mwisho, ndipo uongeze. Mnamo 10/6 namba 1 ameleta 5,000. Mara ya mwisho alikuwa na 10,000. Sasa ana 15,000.

Mkimaliza ukurasa, chukueni jumla ya mwisho ya kila mwanachama mzijumlishe: 15,000 na 10,000 na 15,000 ni 40,000. Lazima ilingane na jumla ya kikundi ya mstari wa mwisho. Isipolingana, kuna mtu ameongezewa juu ya mstari wa mwenzake, au hesabu ya kuongeza imekosewa. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuteni kwanza tarakimu zilizogeuzwa: 12,000 ikiandikwa 21,000, tofauti ni 9,000.

Mtihani huu hauoni kila kosa. Fedha za bibi zikiandikwa kwa namba 1, jumla zitalingana vizuri tu na bibi atakosa nafasi ya ndama wake. Kwa hiyo someni kila mstari kwa sauti mbele ya wenyewe.

Mwisho fungueni sanduku mhesabu. Daftari la zamani lilisema 35,000, sanduku likawa na 40,000. Hiyo 5,000 ilitokana na neno "amelipa" lisilo na kiasi. Lakini msimwandikie mzee 5,000 kwa kuwa tu inajaza pengo. Muulizeni alilipa ngapi, na mwangalie kitabu chake kama anacho. Hapa mzee na mweka hazina wote walikumbuka 5,000, ndipo ikaingia. Wasipokubaliana, pengo liandikwe pembeni kama pengo mpaka kikao kiamue.

Mbuzi aliyeletwa badala ya fedha asiingizwe kwa bei ya kukisia. Mwandikeni kwenye ukurasa mwingine, na siku atakapouzwa mnadani ndipo fedha zipate mstari. Faini nazo zikae mbali, maana hazimpi mtu ndama.

Kosa likionekana baadaye, lipigeni mstari mmoja ili lisomeke bado, na msahihishe jumla zote zilizofuata chini yake. Msitumie rangi nyeupe ya kufutia. Daftari la zamani nalo litunzwe sandukuni mpaka ndama wote waliolipiwa wamechanjwa na kuvishwa hereni.